Mstari wa Kijani kwenye Ukuta wa Mashine

Mtoto wa kwanza niliyempokea Nyangoto sikumshika. Nilimpokea kwa kupiga kelele.

Nilikuwa muuguzi mkunga wa zahanati ya kijiji hicho cha Tarime, mgeni bado, nimetoka Natta upande wa Serengeti na Kikurya changu kilikuwa cha kuungaunga. Asubuhi hiyo mto ulikuwa umejaa kutoka milimani, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo walikuwa wamemleta mama mwenye uchungu wakakwama. Zahanati waliiona. Bati lake waliliona. Kati yetu palikuwa na upana wa uwanja mdogo wa mpira, lakini maji yalikuwa yanabingirisha magogo.

Nilishuka hadi ukingoni na sanduku langu la vifaa, ambalo halikuwa na kazi yoyote. Upande wa pili wanawake walikuwa wamezungushia kanga, na mama mkwe wa mzazi alikuwa amepiga magoti. Nikaita, sauti yangu ikamezwa na maji. Ndipo akajitokeza mchimbaji mmoja, aliyekuwa anakwenda kwenye duara lake, shimo la dhahabu, na kukwama ng'ambo kama wenzake. Huyo Mungu alimjalia sauti. Alisimama kwenye jiwe karibu kabisa na maji, ambapo sauti yangu ilimfikia, akawapa mgongo wanawake kwa heshima, akanitazama mimi, na kila nilichosema akakirudia kwa Kikurya kikubwa kinachoshinda mlio wa maji.

"Mwambie mama mkwe, mtoto akitoka asivute kitovu!"

Akarudia.

"Mtoto amfute, amweke kifuani kwa mama yake, awafunike wote wawili!"

Akarudia. Kisha akainamisha kichwa kusikiliza nyuma yake, na uso wake wote ukafunguka. "Nesi! Analia! Ni wa kike!"

Nikamwambia wasikate kitovu kwa wembe wa mfukoni mwa mtu, wangoje kondo la nyuma litoke lenyewe, mtoto aanze kunyonya, mama mkwe asugue tumbo taratibu. Damu haikuwa nyingi. Alasiri maji yalipopungua wanaume wanne wakawavusha kwa machela, nikakata kitovu kwa mkasi safi. Wote wawili walikuwa wazima. Namshukuru Mungu mpaka leo, kwa sababu ninajua vizuri ingekuwaje kama damu ingekuwa nyingi.

Jioni ile nilimpigia simu mdogo wangu, ambaye alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii kule kwetu Natta. Nilitaka tu kumsimulia mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Dada, kivuko kinagharimu kiasi gani?"

"Kivuko gani?"

"Cha miguu. Watu wavuke bila kusubiri mto."

Nikamwambia kijiji kimeomba miaka, barua zipo. Akasema hazungumzii barua. Kambini kwake wageni walikuwa wanamuuliza kila msimu ni wapi wanaweza kuchangia kitu cha kweli, na wengine walimwonyesha kwenye simu zao kurasa za michango: hapa picha, hapa lengo la fedha, hapa mstari unaojaa kadiri watu wanavyotoa, hapa chini taarifa za mradi na matumizi. "Tukifungua wetu," akasema, "tatizo halitakuwa wageni. Tatizo litakuwa nyumbani. Nani atatuamini?"

Hilo aliliona vizuri. Nyangoto wakati ule dhahabu ilikuwa imeleta kila kitu isipokuwa kuaminiana. Watu walikuwa wamehesabiwa, wamepimiwa mashamba, wameandikwa majina kwa ajili ya fidia hii na ile, na kila aliyekuja na kalamu alitazamwa kama mwizi ambaye bado hajaiba. Pembeni ya mgodi mkubwa kulikuwa na vijana waliotoka kila mkoa, maduara yalikuwa yanachimbwa mpaka nyuma ya jikoni za watu, na michango ya kijiji iliyotangulia ilikuwa imekwenda isikojulikana.

Kwa hiyo nilianza na mtu mmoja tu. Alikuwa mama mjane mwenye mashine ya kusaga, ambaye wanawake wote wa vitongoji viwili walipita kwake. Nilimkuta amejaa unga mpaka kwenye kope. Nikamwonyesha kwenye simu ukurasa wa watu wengine, wa shule moja ya nchi jirani. Akautazama mstari wa kijani kwa muda.

"Huu unajazwa na nani?"

"Hakuna mtu anayeujaza, mama. Mtu akituma fedha, tovuti yenyewe inahesabu. Lengo ni hili, zilizopatikana ni hizi, mstari unakua."

"Na zikitoka?"

"Zikitoka mstari haupungui, kwa sababu unaonyesha zilizochangwa. Matumizi tunayaandika sisi hapa chini, kila kitu na risiti yake."

"Hapo chini ndipo penye maneno," akasema, akafuta mikono. "Huko juu hata mwizi anapapenda."

Huyo ndiye aliyekuja kuwa mweka hazina wetu. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja mwenye ng'ombe na heshima zake, ambaye shamba lake lilishukia mtoni. Nilipomwamkia shikamoo na kumweleza, aliuliza swali moja tu: je, mtu aliye Ulaya ataona mwenyekiti anavyokula fedha? Mdogo wangu, aliyekuwa amekuja likizo, akamjibu kwa adabu, "Ataona, mzee. Na jirani yako ataona." Mzee akacheka, akasema basi afadhali ale nyumbani kwake.

Yale ya mwanzo yalichukua muda mrefu kuliko ujenzi wenyewe. Ilibidi kikundi kisajiliwe halmashauri, kiwe na katiba na muhtasari wa kikao. Tukafungua akaunti ya benki Tarime mjini yenye watia saini watatu, ili asiwepo mmoja anayeweza kutoa fedha peke yake. Tovuti ile ilitaka cheti cha usajili, vitambulisho vyetu vya taifa na uthibitisho kwamba akaunti ni ya kikundi, si ya mtu. Mhandisi wa wilaya alikuja akachagua mahali mto unapobanwa na kingo, akapima, akachora: nguzo mbili za mawe na zege, moja kila upande, vyuma viwili virefu juu yake, mbao za kukanyaga na vishikio vya pembeni. Akatuandikia makadirio. Tukaomba kibali cha kujenga mtoni, tukakisubiri.

Jumla ilifika milioni arobaini. Mdogo wangu akasisitiza ndani yake tuandike wazi makato ya tovuti na fungu la dharura, ili mtu asije akayagundua baadaye akaona tumemficha. Picha tuliyoweka ilikuwa ya mto peke yake, umejaa. Yule mama aliyezaa alikubali kisa chake kisimuliwe, lakini sura yake na ya mtoto wake tuliziacha nje. Tulichagua aina ya kampeni inayoruhusu kutoa kilichopatikana hata lengo lisipofikiwa, ila tukaahidi pale pale kwenye maelezo kwamba hatutachimba msingi mpaka fedha za nguzo zote mbili ziwepo. Nusu kivuko hakimvushi mtu.

Siku tulipoufungua ukurasa, mstari ulikuwa mweupe kabisa. Mdogo wangu akachangia wa kwanza, mimi wa pili, wapishi wenzake wakafuata. Alinieleza kwamba mgeni hapendi kuanza kwenye ukurasa mtupu, wanaokujua ndio wanaowasha moto. Kisha wageni wa kambi wakaanza, mmoja mmoja, kwa kadi zao kutoka kwao, na watu wetu wa Tarime, Mugumu na Mwanza kwa simu. Mstari ukawa uzi wa kijani, kisha kidole.

Lakini Nyangoto wengi hawakuwa na simu za kuufungua ukurasa. Tulipowaambia fedha zinaingia, walitutazama vile vile wanavyomtazama mwenye kalamu. Mama wa mashine ndiye aliyepata dawa. Alipaka ukuta wa mashine yake chokaa, akachora mstari mrefu kama ule wa kwenye simu, akaugawa sehemu kumi, akanunua rangi ya kijani. Kila Jumamosi nilimsomea asilimia, naye akajaza kwa brashi, mbele ya foleni ya wanawake wenye mahindi. Pembeni akabandika karatasi za taarifa zetu. Ukuta ule ukawa gazeti.

Na gazeti likaanza kupata wasomaji wenye maswali. Swali lililotikisa kila kitu lilitoka kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, kazi ya kibarua, mgongoni ana mtoto. Alisimama mbele ya ukuta mbele yangu, akagusa rangi.

"Nesi, mimi nimepeleka mawe mtoni. Nimebeba kichwani wiki nzima. Jiwe langu liko wapi hapa?"

Wanawake wa vitongoji vyote viwili walikuwa wameanza kupeleka mawe ya mashambani kwao bila kuambiwa, na mchanga kutoka kwenye kingo. Lundo lilikuwa refu kuliko mimi. Na mstari ulihesabu fedha tu.

Nikampigia mdogo wangu. Akacheka kwa furaha. "Dada, kwenye makadirio kuna mawe na mchanga vya kununua. Kuna na vibarua vya kubeba. Kama vipo tayari, kwa nini tunawaomba watu fedha za kuvinunua?"

Tulimwita mhandisi akakagua lundo. Aliyakataa yale yanayomeguka na yenye udongo, yaliyobaki akayapima, akatuandikia kwamba yanatosha nguzo zote. Tukaketi, tukatoa kwenye lengo fungu la mawe, mchanga na ubebaji, milioni nane. Lengo likashuka kutoka arobaini hadi thelathini na mbili. Tulikuwa tumepata kumi na sita. Kwenye simu, pale pale, mstari ukaruka kutoka asilimia arobaini hadi nusu kamili bila mtu kutuma shilingi.

Niliandika taarifa ya mradi nikiwa na furaha ambayo sikuweza kuificha. Nilieleza kwa nini lengo limebadilika, makadirio ya zamani ni haya, mapya ni haya, barua ya mhandisi hii hapa, na picha ya lundo. Mchangiaji mmoja wa mbali aliuliza kwenye maoni kama kupunguza lengo si ujanja wa kuonyesha tumefika mbali. Nilimjibu kwamba kivuko ni kile kile, urefu ule ule, ila sehemu yake imekwisha kulipwa kwa shingo za wanawake. Aliongeza mchango.

Na kwenye ukuta mama wa mashine alichora upya. Alimwita yule mponda mawe kutoka kwenye foleni, akampa brashi. "Njoo ujaze la kwako." Yule mwanamke alijaza sehemu nzima moja ya zile kumi, polepole sana, akitoa ulimi nje kidogo kama mtoto anayeandika jina lake. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mashine ikazimwa.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Alikuwa yule mchimbaji mwenye sauti, aliyenisaidia siku ya mtoto. Aliniheshimu mimi, lakini hakuheshimu kamati yoyote duniani. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema mbele ya wote, na hakuhitaji kipaza sauti, "Nimeona michango inapanda tangu nizaliwe. Hata ile ya madawati ilipanda. Madawati yako wapi?" Watu wakacheka, wengine wakaguna kukubali. Mzee mwenyekiti akakasirika. Mimi nilijua hana ubaya. Alikuwa anasema walichofikiri wengi.

Fedha za nguzo zikatimia. Tukatoa awamu ya kwanza kutoka kwenye tovuti kwenda benki, zikakaa siku chache za kusubiri kama ilivyo kawaida, tukasaini watatu, kazi ikaanza. Hapo ndipo nilipojifunza kazi ya "huko chini penye maneno". Kila ununuzi, mama wa mashine alidai risiti ya mashine ya kodi. Mwenye duka la saruji Tarime, Mwislamu mmoja mpole aliyezoea kuandika kwa mkono, alimwambia, "Mama, wewe ni wa serikali?" Akamjibu, "Mimi ni wa ukutani." Nilipiga picha kila risiti, nikaficha namba za simu za watu, nikaandika bidhaa, idadi, bei na duka. Mafundi walisaini walipolipwa, ila kwenye ukurasa tuliweka herufi za kwanza tu za majina yao, kwa sababu watu wa kwetu walikuwa wamechoka kuona majina yao yanazunguka.

Nguzo ya upande wa zahanati ikapanda. Ilikuwa nzuri, ya mawe ya mashamba ya watu, kila mwanamke anajua lipi lake. Tukaanza kufunga mbao za kushikilia zege ya nguzo ya pili. Saruji tuliiweka kwenye kibanda karibu na mto ili kupunguza kubeba, tukaipandisha juu ya magogo, tukaridhika.

Mvua haikunyesha kwetu. Ilinyesha milimani. Mchana, jua linawaka, fundi mkuu akasikia mlio, akawapigia kelele wenzake watoke, wakatoka wote, ashukuriwe Mungu. Maji yakaja kama ukuta. Yakabeba mbao zote za upande wa pili, yakaingia kibandani mpaka kiunoni. Yalipotoka, nguzo ya kwanza ilikuwa imesimama pale pale. Mifuko ya saruji ilikuwa imelowa yote, na baada ya siku mbili ilikuwa mawe yenye umbo la mifuko.

Tulikutana sisi wanne kwenye zahanati, mdogo wangu akiwa kwenye simu. Mzee mwenyekiti alizungumza kwanza. Alikuwa na huzuni ya kweli.

"Tununue mingine kimya. Fungu la dharura lipo. Tukitangaza, watasema tumeuza saruji, tumesingizia mto."

Mdogo wangu naye alisita. Alisema wageni wakiona hasara wanaweza kukimbia, na bado hatujapata fedha za vyuma.

Mama wa mashine alikuwa ametazama chini muda wote. "Kwenye karatasi iliyoko ukutani," akasema, "tumeandika mifuko tuliyonunua. Nguzo inaonekana. Mtu anayejua kujenga akihesabu, ataona saruji imeliwa. Mimi nasaga unga wa watu. Mtu akileta debe la mahindi anajua unga wake utakuwaje. Nikimpunguzia, hatasema kitu, ila harudi."

Kisha mzee akasema, taratibu, "Andika, binti yangu. Andika na kwamba mimi ndiye niliyesema kibanda kikae pale."

Sikuliandika hilo, maana tulikubali sote siku ile. Niliandika kwamba kamati ilichagua mahali pabaya pa ghala. Niliweka picha za mifuko iliyoganda, thamani ya saruji na ya mbao, kiasi kilichobaki kwenye dharura, na pengo ambalo dharura haitaliziba. Niliandika kwamba ghala limehamishiwa kwenye stoo ya zahanati, na msingi wa pili utasubiri maji yapungue. Nikabonyeza kutuma.

Kwanza wakaja wenye pole. Kisha akaja mmoja mwenye hasira, akasema hakutoa fedha zake zikanyweshwe mto, anataka kurudishiwa. Fedha za awamu ya pili bado hatukuwa tumezitoa kwenye tovuti, na utaratibu wa tovuti uliruhusu, kwa hiyo tukamrudishia bila kubishana. Alikuwa ametoa nyingi kidogo. Mstari kwenye simu ukarudi nyuma.

Jumamosi ilipofika nilimwambia mama wa mashine, "Leo tumeshuka."

"Kiasi gani?"

Nikamwambia. Alichukua chokaa badala ya rangi ya kijani, akapanda kwenye ngazi mbele ya foleni yote, akafuta kipande cha mwisho cha mstari. Karatasi ya hasara ilikuwa imebandikwa pembeni, na picha za mifuko.

Yule mchimbaji mwenye sauti alikuwa amekuja na wenzake kununua unga wa kambi yao ya duara. Alisogea, akasoma karatasi yote kwa sauti, kwa sababu hakujua kusoma kimya kimya. Mifuko, mbao, thamani, "kamati ilichagua mahali pabaya". Akautazama ukuta mahali chokaa ilipokuwa bado mbichi.

"Mama," akamuuliza, "umefuta?"

"Mtu amerudishiwa fedha zake. Hazipo. Nitaachaje rangi yake?"

Akageuka kwa wenzake. "Mura, vijana, mmeona? Mchango unarudi nyuma! Mimi sijawahi kuona mchango unarudi nyuma. Unapanda, unapanda, halafu unapotea. Huu umeshuka na bado upo!" Akacheka kicheko kikubwa mpaka mbuzi wakakimbia. Kisha akaja kwangu, akashusha sauti, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu. "Nesi, namba ya kulipia ni ipi?"

Alituma pale pale. Simu yangu ikaita, mchango wa kwanza kutoka kwa mtu wa maduara. Na hakuishia hapo. Wiki ile alizunguka duara kwa duara na karasha kwa karasha, kule mawe ya dhahabu yanakosagwa, akisimulia ukuta uliofutwa. Wachimbaji hawa, ambao watu walisema hawana kwao na fedha zao huishia baa, walituma kidogo kidogo kila jioni baada ya kuuza. Wengi waliandika kwenye sehemu ya ujumbe neno moja tu: saruji. Wengine hawakutaka jina, ukurasa ukawaandika "mchangiaji asiyetajwa", na orodha nzima ya majina ikajaa hao wasiotajwa. Mdogo wangu alinipigia kutoka Natta kunipa habari. Mgeni mmoja wa zamani wa kambini, mama mzee aliyekuwa amechangia mwanzo, alikuwa ameisoma taarifa ya hasara akaandika kwamba amechangia miradi mingi na hii ndiyo mara ya kwanza mtu kumwambia kilichoharibika. Alilipia chuma kimoja.

Pengo lilizibika. Nguzo ya pili ilipanda kiangazi, vyuma vikaletwa kwa lori, vijana wa maduara wakavivuta kwa kamba na magogo wakiimba, na fundi wa kuchomelea akatoka Mugumu akafunga vishikio. Mhandisi akakagua, akatusainia. Siku mstari ulipofika mwisho wa ukuta, mama wa mashine alimpa brashi mzee mwenyekiti. Akapitiliza kidogo nje ya mchoro, na yeye akakataa kabisa pafutwe. "Acheni," akasema. "Hapo ni pa ng'ombe wangu, na wao watapita."

Ng'ombe hawakuruhusiwa kupita, na alijua.

Tulifunga kampeni tukaweka ripoti ya mwisho: zilizoingia, makato ya tovuti, zilizotumika kwa kila fungu, hasara ya mto kwenye mstari wake peke yake, na salio. Salio lilikuwepo, dogo. Tuliwauliza wachangiaji kwenye ukurasa na wanakijiji kwenye mkutano, na pande zote mbili zikakubali libaki kwenye akaunti kwa ajili ya kubadilisha mbao zitakapooza. Kwenye mkutano ule yule mwenye sauti alisimama tena. Watu wakajiandaa. Akasema, "Sina swali," akaketi, watu wakacheka, na hicho ndicho kicheko kirefu kuliko vyote nilivyowahi kusikia Nyangoto.

Nilihamishiwa Mugumu miaka michache baadaye. Nilivuka kivuko kile mara ya mwisho asubuhi, nikiwa na begi langu, nyuma ya watoto wa shule waliokuwa wanakanyaga mbao kwa makusudi ili zitoe mlio. Ukurasa nilimwachia mama wa mashine, ambaye wakati ule alikuwa amejifunza kuandika kwenye simu kwa kidole kimoja.

Bado ninapokea taarifa zake. Juzi nilikuwa wodini Mugumu, ninakunywa chai kabla ya zamu, simu ikalia. Aliandika bila nukta wala koma kwamba mbao tatu zimebadilishwa upande wa zahanati, misumari kilo moja, fundi amelipwa, risiti hii hapa, salio hili hapa, mto umejaa lakini watu wanavuka, Mungu awabariki wote waliotoa na waliobeba. Picha ya risiti ilikuwa imepigwa vibaya na kidole chake kimeingia, cheupe cha unga. Niliisoma mara mbili, nikawaonyesha wauguzi wenzangu, nikamwandikia asante.